Rumeti wawili, kwizi mbili, kosa moja: lile kosa limetoka wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naandika hadithi fupi ya mabinti wawili wanaokaa rumu moja chuoni. Kila mmoja anamtungia mwenzake kwizi ya kujipima kabla ya testi, wanabadilishana, wakisahihisha wanakuta wote wameandika jibu lilelile na wote wamekosa. Hadithi inaishia hapo. Niliowapa wasome, nusu wanasema haiwezekani, nusu wanasema 'sawa, halafu?'. Nakwama wapi?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Wasomaji wako wote wanalalamikia kitu kimoja, hujawaambia lile kosa limetoka wapi. Anayesema haiwezekani anauliza limetoka wapi, na anayesema halafu naye anauliza hivyohivyo, manake kosa lisilo na lilikotoka hakuna pa kwenda nalo. Na nina wasiwasi hata wewe mwenyewe hujui bado, umelipenda tukio lenyewe kwamba watu wawili wamekosa kitu kimoja, ukaishia hapo. Tukio ni zuri kweli, nimelifurahia sana, ila utamu wake uko kwenye sehemu ambayo hujaiandika.

Twende taratibu. Watu wawili wakipata jibu sahihi lilelile hakuna habari hapo, jibu sahihi ni moja na kila aliyesoma atalifikia kwa njia yake. Lakini njia za kukosa ni nyingi mno, kwa hiyo wakikosa sawasawa lazima kuna kitu kati yao. Wanaochunguza wizi wa mitihani wanalijua hili, wakishuku watahiniwa wawili wameangaliziana hawahangaiki sana na maswali waliyopata wote, wanakwenda kwenye yale waliyokosa wote na kuangalia kama wamekosa kwa namna ileile. Wahariri wa maandishi ya kale nao wanafanya kazi hivyo. Kitabu kilinakiliwa kwa mkono miaka mamia, cha asili kimepotea, zimebaki nakala tu, sasa utajuaje nakala ipi ni ndugu wa ipi? Unatafuta makosa wanayoshirikiana. Mjerumani mmoja wa karne ya 19, Karl Lachmann, ndiye anayetajwa sana kwa njia hii, na toleo lake la mshairi wa Kirumi Lucretius la mwaka 1850 hadi leo linatolewa mfano. Kwa watu hawa kosa ni kama alama ya ukoo, wenye kosa moja wana babu mmoja.

Hilo ndilo ulilonalo mkononi na hujalitumia. Rumeti wako wamegundua bila kutaka kwamba wana babu mmoja, na hadithi yako ni ya kumtafuta huyo babu ni nani.

Kabla ya kufika huko lakini, lazima uchague kosa la aina gani, na hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Kuna makosa ya kufikiri na kuna makosa ya kunakili. Kosa la kufikiri mtu yeyote anaweza kulifikia mwenyewe akiwa peke yake chumbani. Mfano muulize mtu mti mkubwa umepata wapi uzito wake wote ule, wengi watakwambia umetoa kwenye udongo. Hawajaambizana, ndivyo inavyoonekana kwa macho, mti umesimama kwenye udongo basi unakula udongo. Mwanasayansi Van Helmont kule Ulaya karne ya 17 alipanda mti mchanga kwenye chombo chenye udongo wa karibu kilo 90, akaumwagilia maji tu miaka 5, ukafika zaidi ya kilo 70 na udongo ukapungua kiasi kidogo sana kisichofika hata gramu 100. Na yeye naye akakosa, akasema basi uzito wote ni maji, kumbe sehemu kubwa ya ule mwili mkavu wa mti inajengwa na kaboni iliyotoka hewani. Sasa rumeti wako wakiandika wote "udongo", msomaji atasema sawa halafu, na atakuwa na haki yake, kwa sababu hakuna kitu kati ya hawa wawili, ni kosa la binadamu wote.

Kosa la kunakili ni jingine. Hilo hulifikii kwa kufikiri, lazima ulipewe na mtu. Kuna kisa cha kweli kinachofaa sana hapa, cha Mmarekani Fred Worth aliyeandika ensaiklopidia ya maswali ya chemshabongo. Alijua watu watamwibia, kwa hiyo akapandikiza jibu la uongo makusudi, akaandika kwamba yule mpelelezi wa kwenye televisheni, Columbo, jina lake la kwanza ni Philip. Hilo Philip alilitunga mwenyewe kichwani. Ukaja mchezo wa maswali unaitwa Trivial Pursuit, ukauzika balaa, na ndani yake likakutwa swali la jina la kwanza la Columbo na jibu ni Philip. Mwaka 1984 Worth akawashtaki akidai dola milioni 300. Alishindwa, mahakama iliona kwamba habari tupu za ukweli hazina mwenyewe, lakini wewe angalia kile kisichobishaniwa pale: kwamba walichota kwake kilionekana palepale, manake hakuna barabara nyingine duniani inayofika kwenye Philip isipokuwa inayopita kwake.

Kwa hiyo kipimo chako ni hiki, jiulize mtu ambaye hajawahi kusoma walichosoma hawa mabinti angeweza kufika kwenye jibu hilo mwenyewe? Kama angeweza, litupe, tafuta jingine. Na usitumie maswali ya kuchagua A, B, C, D. Swali lenye majibu manne lina ya kosa matatu tu, watu wawili waliokosa wakibahatisha tu wanaangukia herufi moja mara moja katika kila tatu, hakuna atakayeshtuka. Tumia swali la kuandika jibu, na jibu liwe tarakimu, kwa sababu tarakimu zinakosewa kwa jicho na kwa mkono bila akili kuhusika.

Sasa nikuonyeshe ningeifanyaje mimi, kwa kosa moja nililolipenda. Kina cha Ziwa Tanganyika. Sehemu yenye kina kirefu zaidi inafika mita 1,470. Rumeti wako wote wawili wameandika 1,740. Umeona kilichotokea, nne na saba zimebadilishana viti. Hakuna mtu anayefikiria mpaka akafika 1,740, ni jicho la mtu fulani lililochoka siku fulani likageuza, na wengine wote wakapokea. Ila kilichonifanya niichague si hicho tu. Ziwa lenye kina kuliko yote duniani ni Baikal kule Urusi, mita 1,642, na Tanganyika ni la pili. Kila aliyesoma jiografia anajua Tanganyika ni la pili baada ya Baikal. Sasa 1,740 ni kubwa kuliko 1,642. Yaani lile kosa linapigana na jibu jingine ambalo wote wanalijua vizuri, na wamekaa nalo miaka bila kuyaweka mawili hayo karatasi moja.

Hapo umepata namna ya kugundua bila mtu kuja kutoka nje kuwaambia. Hadithi nyingi za hivi zinamleta mwalimu, au jibu linaonekana kwenye simu, na ugunduzi unakuwa wa bure. Hapa kwizi zenyewe ndizo zinazosema. Tuwaite mabinti wako Anjela na Rehema. Anjela ameuliza kina cha Tanganyika, Rehema kaandika 1,740, kwenye majibu ya Anjela ni 1,740, tiki. Rehema ameuliza ziwa lenye kina kuliko yote duniani na kina chake, Anjela kaandika Baikal 1,642, kwenye majibu ya Rehema ni hivyohivyo, tiki. Wote wana tiki. Wakati wa kujumlisha maksi ndio karatasi mbili zinakaa pamoja kitandani. Nimpe Anjela asimulie, nitakueleza baadaye kwa nini:

*Rehema akaziweka karatasi sambamba, yangu huku yake huku, akaacha kuhesabu.*

*"We Anjela, Baikal ni ngapi?"*

*"Si umeshanipa tiki. Elfu moja mia sita arobaini na mbili."*

*"Na Tanganyika?"*

*"Elfu moja mia saba arobaini. Umeandika mwenyewe na nimekupa tiki, unataka maksi mara mbili?"*

*"Sasa la kwanza lipi?"*

*Nilitaka kumjibu haraka kama ninavyomjibu siku zote, mdomo ukafunguka, jibu halikuja. Baikal la kwanza. Hilo nimelijua toka fomu tuu. Lakini namba zilikuwa pale, kwa mwandiko wetu, na tiki zetu.*

*"Basi letu ndio la kwanza," Rehema akasema, na kwa jinsi alivyosema niliona kabisa anataka iwe hivyo. Yeye ni wa Ujiji. "Hao wa Baikal watatusamehe."*

*"Rehema, moja kati ya hizi ni ya uongo."*

*"Ya Baikal."*

*"Au yetu."*

Ona kazi inayofanywa na hiyo sentensi ya Rehema kuhusu la kwanza. Kwa dakika moja kosa limempa kitu, limempandisha ziwa la kwao juu ya dunia nzima, na akisahihishwa atanyang'anywa. Ndio maana nimemfanya mtu wa Kigoma. Ungeweka kina cha ziwa kwa watu wawili wa Arusha, namba ingekuwa namba tu.

Halafu simu. Usiifiche simu, msomaji wa leo atakusumbua na swali la kwa nini hawakuangalia kwenye simu, kwa hiyo waache waangalie hapohapo. Inasema 1,470. Sawa. Simu imemaliza swali la kina cha ziwa na haijagusa kabisa swali lenyewe, manake Anjela sasa anauliza, "We hii uliitoa wapi?" na simu haina hilo. Ugunduzi huu uwe umeshatokea hadithi ikiwa haijafika hata theluthi. Wewe umeuweka mwisho, ndio maana watu wanabaki wanakuangalia.

Sasa babu ni nani. Rehema amesoma Kigoma, Anjela amesoma Songea, hawajawahi kushika desa moja kabla ya chuo na chuoni hakuna aliyewapa namba hiyo. Anjela anasema yeye amekariri toka kwenye notsi za mama yake mdogo, kaunta buku la zamani alilorithishwa alipoingia fomu wani. Rehema ananyamaza. Halafu anatoa chini ya godoro kaunta buku lake, ambalo Anjela alikuwa analiona siku zote akidhani ni la hesabu za matumizi. Ni la baba yake. Alikuwa mwalimu wa jiografia, alifariki Rehema akiwa mdogo hata sauti haikumbuki, na hizi ndizo notsi alizoandalia vipindi. Alifundisha Songea miaka kadhaa kabla hajaoa. Alipokuwa anatoa kitabuni kuingiza kwenye notsi zake, nne na saba zikageuka, akaipeleka ubaoni, darasa zima likanakili, na mmoja wa hao ni mama mdogo wa Anjela.

Nakuomba sana hapa usifanye kile ambacho mkono wako utataka kufanya, kuwafanya hawa mabinti waje kuwa ndugu wa baba mmoja. Najua inavutia. Lakini kosa la kunakili linathibitisha karatasi, damu halina habari nayo, na ukilibebesha damu msomaji makini atakuacha. Kinachotosha, na kwangu ni kikubwa zaidi, ni kwamba kuna mtu anaishi, anapatikana kwa simu, aliyekaa mbele ya baba yake Rehema na kumsikia akiongea. Rehema hana mtu mwingine wa namna hiyo wa kumuuliza nje ya familia. Namba mbovu ndiyo imemleta.

Lakini lazima ithibitike, na hapa ufundi unaingia kidogo. Kosa moja la pamoja linaweza kuwa bahati mbaya, au linaweza kuwa lilikuwa kwenye kitabu fulani kilichochapwa na wote wawili wakakitumia kila mtu kwake. Ukiwa mwaminifu Anjela atalisema hilo mwenyewe, "labda ni kitabu tu kilikosea, si baba yako." Kwa hiyo unahitaji vitu viwili vingine. Cha kwanza ni kosa la pili la pamoja, dogo, la kijinga, la aina ambayo kitabu kilichochapwa kisingekuwa nalo. Mimi ningetumia mto unaotoa maji ziwani kwenda Kongo, unaitwa Lukuga, na kwenye kaunta buku zote mbili umeandikwa Lukunga. Herufi moja imezidi, palepale, kote kuwili. Makosa mawili ya namna hiyo pamoja, kitabu kinaanza kutoka kwenye orodha ya washukiwa.

Cha pili ni kitu cha kuonyesha nani alitoa na nani alipokea, na hiki kiwe kosa lililo upande mmoja tu. Notsi za baba zinataja nchi nne zinazopakana na ziwa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Notsi za mama mdogo zina tatu, Zambia haipo, mstari umekatika. Basi notsi za baba haziwezi kuwa zimetoka kwenye zile za mama mdogo, kwa sababu aliyenakili kilichopungua hawezi kuwa na zaidi, labda ajaze mwenyewe. Kosa limetoka kwenye daftari la mwalimu kwenda kwenye dawati la mwanafunzi, ndio mwelekeo pekee unaokaa.

Sasa uzuri wa Zambia ni kwamba unaipanda mapema kabisa, ukurasa wa kwanza, ikiwa haina maana yoyote. Swali la pili la kwizi ya Anjela linasema "Taja nchi tatu zinazopakana na Ziwa Tanganyika" na Rehema anakuja juu:

*"Ni nne."*

*"Nimesema taja tatu."*

*"Ukisema tatu unamaanisha zipo tatu. Ungetaka tatu kati ya nne ungesema."*

*"We jibu swali, acha kunifundisha kutunga."*

Msomaji atalipita hili akidhani ni ugomvi wa kawaida wa watu wanaokaa chumba kimoja, na ndio unavyotaka. Kurasa tatu mbele linarudi likiwa ushahidi. Ugomvi wao wa mwanzo unakuwa ndio ufunguo, na huhitaji kusema "kumbe", msomaji atasema mwenyewe.

Halafu simu ya mama mdogo. Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo, usiikimbize. Weka simu kwenye spika, katikati ya dabo deka, Rehema asiongee kwanza, Anjela ndiye anauliza, kwa sababu mtu anayengoja kitu kikubwa huwa haulizi mwenyewe:

*"Shikamoo mamdogo. Hivi jiografia fomu tuu alikufundisheni nani?"*

*"Marahaba. Makubwa, saa hizi? Alikuwepo mwalimu mmoja mtu wa Kigoma, mrefu, jina lake limenitoka. Yule bwana alikuwa anaandika na mkono wa kushoto na kufuta na wa kulia, hukohuko, ukizubaa ukiangalia dirishani umeachwa. Mimi notsi zangu za yule zimejaa matundu. Kwani vipi?"*

Unaona Zambia imeishia wapi. Ilifutwa na mkono wa kulia binti akiwa anaangalia dirishani. Sasa kuna kishawishi kingine hapa, kumfanya Rehema naye aandike na mkono wa kushoto. Mimi ningeacha. Tayari una namba, una Lukunga na una Zambia, ukiongeza mkono wa kushoto wa urithi msomaji ataanza kuona kidole chako kinapanga vitu. Rehema aandike na mkono wa kulia, ajifunze tu leo kwamba baba yake alikuwa wa kushoto, kitu ambacho hakuna mtu nyumbani aliyewahi kufikiri kumwambia, kwa sababu kwao kilikuwa cha kawaida mno.

Kuhusu nani asimulie, nimemchagua Anjela kwa sababu yeye hajui lile kaunta buku ni nini. Akisimulia Rehema, kuanzia namba inapoonekana ni mbovu atakuwa anajua imetoka kwa baba yake, na utalazimika ama kutuficha, ambayo ni ujanja mbaya kwa msimulizi wa ndani, ama kutuambia mapema na kuua utafutaji. Anjela anajua tunachojua sisi, hatua kwa hatua, na anaona kwa nje tu kwamba mwenzake amenyamaza kuliko inavyostahili kwa swali la maksi moja. Ila uwe makini, ukimpa Anjela usimruhusu aeleze Rehema anajisikiaje. Aseme alichoona. Rehema amefunga kofia ya peni, amefungua, amefunga. Inatosha.

Mwisho wa hadithi. Usilete swali la kina cha Tanganyika kwenye testi ya Jumatatu, hiyo ni bahati ya pili na hadithi fupi inavumilia bahati moja tu, nayo umeshaitumia kuwaweka hawa wawili rumu moja. Ningeiacha kwenye madaftari. Anjela anachukua peni na kusahihisha kaunta buku la mama mdogo, anakata 1,740 anaandika 1,470, anaongeza Zambia, bila kuwaza mara mbili, kwa sababu kwake ni notsi. Anamnyooshea Rehema ile peni. Rehema anachofanya na peni hiyo ndio mwisho wako. Mimi ningemwacha achukue karatasi ndogo, aandike 1,470 kwa tarakimu zake, aichomeke kwenye ukurasa ule bila kugusa mwandiko wa baba. Wewe unaweza kuona tofauti, labda kwako anakata, na kukata kwa mtoto wa mwalimu kunaweza kuwa heshima kubwa kuliko kuacha. Amua mwenyewe, ila aamue kwa kitendo, asitoe hotuba.

Usieleze kwa nini mwalimu alikosea. Alichoka, taa ilikuwa ndogo, kitabu kilichanika, hatujui na Rehema hajui, na hiyo ni sehemu ya kile asichokuwa nacho. Pia usiache watu wamcheke mwalimu. Alinakili kwa mkono somo zima ili watoto wasio na vitabu wapate kitu, tarakimu mbili zikampiga chenga, na darasa zima likamwamini, ndivyo notsi zilivyofanya kazi kwenye shule zetu nyingi na bado zinafanya hivyo.

Kwa urefu, maneno 2,000 yanatosha. Kwizi na ugomvi wa nchi tatu na karatasi mbili kitandani zisizidi 600, simu ya mama mdogo na madaftari mawili yakiwekwa pamoja yachukue sehemu kubwa iliyobaki, mwisho uwe mfupi. Ukiona sehemu ya kwizi inavimba, kata maswali, hatuhitaji kuyaona yote kumi, matatu tu yatufikie: nchi, Tanganyika, Baikal. La mto Lukuga usiliweke kwenye kwizi kabisa, liibuke kwenye madaftari baadaye, manake ushahidi wote ukiwa umepandwa sehemu moja inanuka mpango.

Na kitu cha mwisho ambacho wengi wanakidharau. Hadithi hii ina kosa la makusudi ndani yake, kwa hiyo namba nyingine zote lazima ziwe sahihi kabisa, la sivyo msomaji hatajua ashtuke wapi. Ukiandika kwa bahati mbaya kwamba Ziwa Victoria ndilo lenye kina kuliko yote Afrika, na wako watu wengi wanaoamini hivyo kwa sababu ni kubwa kwa eneo, wakati kina chake ni mita 80 hivi tu, basi umepanda kosa la pili bila kujua na lile la kwanza limepoteza nguvu. Pitia kila tarakimu, kila jina la mto na mpaka, halafu mpe mtu mwingine azipitie, asiwe uliyesoma naye darasa moja. Ukimaliza nitumie, anza na ukurasa wa ugomvi wa nchi tatu, huo ukikaa sawa kilichobaki kitakufuata chenyewe.